Betri iliyokufa kwanza ilikuwa ya ngapi kwenye safu?

Ugomvi huu anaujua kila anayeuza betri za inveta, awe Kariakoo au katikati ya Nairobi. Mteja alinunua betri nne siku moja, za aina moja na ukubwa mmoja. Mwaka na nusu baadaye moja imevimba ubavuni au haishiki tena chaji, na tatu bado zinadunda. Mteja anasema aliuziwa feki. Muuzaji anasema betri ilitumiwa vibaya, maana kama mzigo mzima ungekuwa feki zote nne zingekufa. Fundi aliyezifunga, ambaye kazi yake ndiyo ingefaa kukaguliwa kwanza, kwa kawaida hayupo kwenye mabishano hayo wala hakuna anayemtaja. Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili zinaruka swali la awali: betri hiyo ilikuwa imekaa nafasi ya ngapi kwenye safu, na kebo za kwenda kwenye inveta zilikuwa zimefungwa wapi? Betri zilizounganishwa sambamba hazigawani kazi sawasawa kwa sababu tu zinafanana. Zinagawana kwa kadiri ya ukinzani uliopo kati ya kila moja na inveta, na ukinzani huo ameuweka fundi kwa mikono yake: urefu wa kebo, unene wake, na jinsi kila nati ilivyokazwa.

Tuchukue mfungo unaoonekana kila mahali. Betri nne za risasi na asidi, za volti 12 na Ah 200 kila moja, zimepangwa mstari mmoja. Vichwa vyote vya chanya vimeungwa kimoja baada ya kingine kwa vipande vifupi vya kebo, vya hasi vivyo hivyo. Kisha kebo kuu mbili za inveta, nyekundu na nyeusi, zimefungwa zote kwenye betri ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Kazi inapendeza kwa macho. Betri ya aina hii ikiwa nzima ina ukinzani wa ndani wa kama miliomu 4, yaani sehemu nne za elfu moja za omu. Kipande cha kebo ya milimita 16 za mraba chenye urefu wa sentimita 30 kina kama theluthi moja ya miliomu, na ukijumlisha viungo vyake viwili vya mwisho unafika nusu miliomu. Kwa kuwa kila hatua kutoka betri moja hadi nyingine ina kipande cha chanya na kipande cha hasi, hatua hiyo inaongeza miliomu 1.

Sasa inveta ivute ampea 100, ambazo kwa volti 12 ni kama wati 1,200: friji, feni, taa na pasi iliyowashwa kwa muda. Ukifuata kanuni ya Ohm, ambayo ina umri wa karibu miaka 200, na kuanza kuhesabu kutoka betri ya mwisho kurudi mbele, unapata kwamba betri ya kwanza inatoa ampea 41, ya pili 26, ya tatu 18, na ya nne 15. Betri zote ni mpya, zote ni nzima, na ya kwanza inafanya kazi karibu mara tatu ya ile ya nne. Hakuna kilichoharibika mahali popote. Hivyo ndivyo mfungo wenyewe ulivyopangwa kufanya kazi.

Pingamizi la kwanza la mafundi wengi ni kwamba kipande cha kebo cha sentimita 30 ni kifupi mno kuleta tofauti kubwa namna hiyo. Pingamizi hilo limetoka kwenye waya za nyumba, na huko lina ukweli. Kwenye volti 230 na ampea chache, miliomu moja haina maana yoyote. Lakini hapa kipande cha kebo hakishindani na volti 230, kinashindana na ukinzani wa betri yenyewe, ambao nao ni wa sehemu chache za elfu moja za omu. Miliomu 1 ikiwekwa kando ya miliomu 4 ni robo nzima. Kadiri betri inavyokuwa bora na ukinzani wake wa ndani unavyopungua, ndivyo kebo inavyokuwa na sauti kubwa zaidi katika mgawanyo. Ndiyo maana mfungo huohuo uliovumiliwa na betri ndogo za kale unaziumiza betri nzuri za leo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi na linastahili jibu la kina. Linasema: betri zikiwa sambamba lazima ziwe na volti moja, kwa hiyo inayotoa zaidi itashuka, wenzake watachukua nafasi yake, na mwisho wa yote zitajisawazisha. Sehemu kubwa ya maelezo hayo ni kweli. Betri ya risasi iliyojaa na kutulia huonyesha kama volti 12.7, na ikibaki nusu huonyesha kama 12.2. Hiyo ni kama volti 0.5 kwa kila Ah 100 zilizotoka. Betri ya kwanza ikitangulia kuisha, volti yake ya ndani inashuka na mgawo wake unapungua taratibu. Zile ampea 41 ni za mwanzo tu, baada ya saa kadhaa zote nne zinakaribiana na ampea 25. Ila zinakaribiana baada ya pengo kuwa limekwisha kujengeka. Ili ampea zilingane kwenye mfungo huu, betri ya nne lazima iwe na volti 0.15 zaidi ya ile ya kwanza ndani yake, na volti hizo ni sawa na pengo la kama Ah 30.

Kwa makadirio hayo, inveta ikivuta ampea 100 kwa saa tatu, betri ya kwanza itakuwa imetoa kama Ah 90 na ya nne kidogo zaidi ya 60, ingawa wastani ni 75. Yaani moja imeshushwa asilimia 45 na nyingine asilimia 32. Tofauti hii haiui betri usiku mmoja, na mtu akikuambia betri itaungua kwa sababu hiyo amezidisha. Lakini inaangukia mahali pabaya. Jedwali la kampuni ya Victron ya Uholanzi kwa betri zake za AGM linatoa mizunguko 1,500 ukishusha betri asilimia 30 kila mara, na mizunguko 600 tu ukiishusha asilimia 50. Betri yetu ya kwanza na ya nne zinaishi katikati ya namba hizo mbili, moja karibu na mwisho mfupi, nyingine karibu na mwisho mrefu. Baada ya hapo mambo yanaendelea yenyewe. Ya kwanza ikichoka, uwezo wake unapungua na ukinzani wake wa ndani unapanda, hivyo kazi inahamia kwa ya pili, nayo inaanza safari ileile. Mwenye nyumba anaona betri zinakufa moja moja kwa zamu na kuhitimisha kwamba aliuziwa mzigo mbovu.

Pingamizi hilo la kujisawazisha linafunua pia kwa nini nyumba mbili zenye mfungo uleule hupata matokeo tofauti. Pengo linalojengeka linakwenda na ukubwa wa mkondo. Anayewasha taa na televisheni kwa ampea 10 atakuwa na pengo la mwisho la kama Ah 3, ambalo halina athari ya maana. Anayewasha pasi, birika au pampu ya maji ndiye anayelipa. Kwa hiyo fundi anayesema amefunga hivyo miaka yote bila malalamiko huenda anasema kweli. Wateja wake walikuwa wa taa na televisheni.

Kwenye kuchaji hali ni ileile ikiwa imegeuzwa, pamoja na tatizo la ziada. Chaja ya inveta ikitoa ampea 60, mwanzoni betri ya kwanza inapokea karibu 25 na ya nne inapata chini ya 9. Ya kwanza inatangulia kujaa. Chaja inapima volti kwenye vichwa vyake yenyewe, na kwa sababu kebo zake zimefungwa kwenye betri ya kwanza, inachokiona ni hali ya betri ya kwanza. Inapofika volti 14.4 inaanza kushikilia hapo, na mkondo unapungua. Wakati mkondo bado ni mkubwa, betri ya nne inapata volti kama 14.3 tu. Ikiwa chaja itashikilia kwa saa kadhaa mpaka mkondo wote ushuke kwenye ampea chache, upotevu kwenye vipande vya kebo unakuwa mdogo kiasi cha kutohesabika na betri ya nne inafikia wenzake. Kujaa kwa betri ya risasi kunakamilika katika mwisho huo wa polepole.

Shida ni kwamba mara nyingi mwisho huo haufiki. Inveta nyingi hushikilia kwa muda uliopangwa kiwandani kisha zinashuka kwenye volti za kuelea, kama 13.6, bila kujua betri ya mwisho imefikia wapi. Au umeme unarudi kwa saa tatu na kukatika tena. Au ni sola, na jua limezama. Betri ya nne inalala ikiwa haijajaa, salfeti ya risasi iliyobaki kwenye sahani zake inaanza kugeuka fuwele ngumu, na sehemu hiyo ya sahani haishiriki tena kazi. Ndiyo maana safu moja inaweza kuumia pande zote mbili kwa sababu tofauti: ya mbele kwa kuchoshwa, ya nyuma kwa kutoshibishwa. Ni kweli kwamba ya nyuma inatoa kidogo na hivyo inahitaji kurudishiwa kidogo, na kwa mwenye umeme wa kudumu usiku kucha hilo linatosha kuiokoa. Kwa mwenye umeme wa kuja na kuondoka halitoshi.

Tiba ya kwanza inayotajwa madukani ni kununua kebo nene. Inasaidia, lakini gharama yake inafaa kulinganishwa na kinachopatikana. Tukiondoa vile vipande vya milimita 16 na kuweka vya milimita 70 za mraba, na viungo vikiwa safi, kila kipande kinashuka hadi kama miliomu 0.15. Mgawanyo wa ampea 100 unakuwa 31, 26, 22 na 21. Ni maendeleo makubwa, ila shaba imeongezeka zaidi ya mara nne. Sasa rudisha zile kebo nyembamba na ufanye jambo moja tu: acha kebo kuu nyekundu kwenye betri ya kwanza, lakini hamishia ile nyeusi kwenye hasi ya betri ya nne, ili kebo kuu mbili zikae pembe zinazotazamana kwa mshazari. Mgawanyo unakuwa 28, 22, 22 na 28. Kebo moja iliyohamishwa imeipita shaba nene, kwa sababu sasa mkondo wa kila betri unapita idadi ileile ya vipande, vitatu, ukichanganya vya chanya na vya hasi. Kinachobaki cha tofauti kinatokana na baadhi ya vipande kubeba mkondo wa betri kadhaa kwa pamoja.

Hapo mwenye nyumba hulalamika kwamba kebo nyeusi sasa inabidi iwe ndefu, na amesikia kebo ndefu ni mbaya. Inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Kebo kuu inabeba mkondo wa betri zote kwa pamoja. Ikiwa ndefu au nyembamba kupita kiasi, inveta itaona volti pungufu na italia kwamba betri imeisha mapema, kwa hiyo inapaswa kuwa nene ya kutosha. Ila haiwezi kuipendelea betri moja dhidi ya nyingine hata ikiwa na mita tano. Urefu unaovuruga mgawanyo ni ule ulio upande wa betri tu, kabla ya mikondo kuungana.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayowaangusha hata wale wanaofanya kazi vizuri kwa kutumia baa za shaba, moja ya chanya na moja ya hasi, kila betri ikiwa na kebo zake mbili za kwenda kwenye baa. Mfungo huu ndio bora kuliko yote, na betri zikizidi nne ni vigumu kutetea mwingine, lakini unafanya kazi kwa sharti moja: kebo zote ziwe na urefu sawa na unene sawa, hata ile ya betri iliyo chini ya baa kabisa. Fundi anayependa usafi hukata ya karibu iwe sentimita 30 na ya mbali iwe mita 1.2. Tofauti ya sentimita 90, mara mbili kwa chanya na hasi, kwenye kebo ya milimita 16 ni kama miliomu 2, nusu ya ukinzani wa betri nzima. Mshazari wa kawaida usingempa tofauti kubwa hivyo. Kebo ya karibu iachwe ndefu kama wenzake na ipindwe ukutani, hata isipopendeza.

Mpaka hapa nimechukulia kwamba viungo ni vizuri. Kwa maoni yangu viungo ndivyo vinavyoharibu hesabu zaidi kuliko urefu, kwa sababu urefu unaonekana na kiungo kibovu hakionekani. Chukua mfungo wa baa uliotimia, ambapo njia ya kila betri ina miliomu 5 kwa jumla. Nati moja imelegea kwa sababu risasi ya kichwa cha betri ni laini na hujibonyeza polepole baada ya kukazwa, na kiungo hicho kimeongeza miliomu 5. Betri hiyo sasa inatoa ampea 14 na wenzake watatu wanatoa karibu 29 kila mmoja. Mafundi hutafuta kiungo kibovu kwa kukigusa kama kimepata moto. Lakini joto linalozalishwa hapo ni kama wati 1 tu, na lagi ya shaba inalitawanya bila mkono kuhisi kitu. Kiungo kinachochoma vidole kimeharibika zamani. Kile kinachoharibu mgawanyo kimya kimya bado ni baridi.

Kuna kosa moja dogo ambalo lingetosha kueleza safu nyingi zisizo sawa. Kwenye kichwa cha betri, lagi ya kebo inatakiwa ilale moja kwa moja juu ya risasi au shaba ya kichwa, kisha washa, kisha springi washa, kisha nati. Mara nyingi washa ya chuma inawekwa chini ya lagi, kati yake na kichwa, ili bolti ifike vizuri. Hapo mkondo wote wa betri unalazimika kupita kwenye chuma chembamba na nyuso mbili za ziada za kugusana. Lagi iliyogongwa kwa nyundo badala ya kubanwa kwa mashine yake ina tatizo la namna hiyohiyo ndani, pasipoonekana. Na kebo yenyewe ikwanguliwe kwa kisu: nyuzi zikitoa weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo kwa unene uleule ina ukinzani wa kama mara moja na nusu ya shaba halisi. Vaselini ya kuzuia kutu ipakwe juu ya kiungo baada ya kukazwa, si kati ya nyuso kabla ya kukazwa.

Kiungo hupimwa kikiwa kazini. Washa mzigo mkubwa, weka mita kwenye kipimo cha milivolti 200, gusisha ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha betri na nyingine kwenye lagi, si kwenye nati. Kiungo kizuri kinachobeba ampea 25 kitaonyesha milivolti 2 au 3. Kile kilicholegea kwenye mfano wetu kingeonyesha kama 70. Kwenye safu isiyo na baa, anza na viungo vilivyo kati ya betri inayopokea kebo kuu na jirani yake, kwa kuwa kimoja kibovu hapo kinawanyima wote walio nyuma yake.

Mgawanyo wenyewe hupimwa kwa klampu mita, na hapa kuna mtego: nyingi za bei rahisi zinasoma mkondo wa AC pekee. Inayohitajika ni ya kusoma DC, nayo irudishwe sifuri kabla ya kila kipimo. Kwenye mfungo wetu wa kwanza, kebo kuu itasoma 100, kipande cha kati ya betri ya kwanza na ya pili 59, kinachofuata 33, na cha mwisho 15. Toa kila namba kutoka iliyoitangulia na unapata mgawo wa kila betri: 41, 26, 18, na 15 inayobaki kwa ya nne. Baada ya kuhamishia kebo nyeusi upande wa pili, vipande vya chanya vitasoma 72, 50 na 28. Kazi yote ni ya dakika kumi. Kipimo kinachofanywa badala yake, cha kugusa volti za kila betri moja moja zikiwa bado zimeunganishwa na hakuna mzigo, hakisemi chochote. Zimefungwa pamoja, kwa hiyo lazima zionyeshe namba ileile, hata moja ikiwa mahututi. Volti za betri zina maana ukizitenganisha na kuziacha zitulie kwa saa kadhaa.

Muuzaji mwenye busara atauliza: je, haiwezekani betri ya kwanza ilikuwa mbovu kweli? Inawezekana. Betri zinazotoka kiwanda kimoja hazilingani kikamilifu, na ile iliyo karibu na inveta mara nyingi ndiyo inayopulizwa hewa ya moto ya feni yake, joto ambalo peke yake hufupisha maisha ya betri. Namna ya kutofautisha ni kubadilishana nafasi. Zima inveta na chaja, toa fyuzi, funga mpini wa spana kwa tepu ya umeme kwa sababu spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja betri hizi hutoa maelfu ya ampea kwa papo hapo, kisha peleka betri ya kwanza mahali pa nne na ya nne mahali pa kwanza. Pima tena kwa klampu na mzigo uleule. Kama namba kubwa imebaki kwenye nafasi ya kwanza, mfungo ndio wenye kosa. Kama namba ya betri hiyo, hata ikiwa ndogo, imehama nayo, kosa ni la betri, na mteja ana kitu cha kumwonyesha muuzaji. Kama betri zote ni nzima, joto halitajitokeza kwenye kipimo hiki. Hilo linatibiwa kwa kusogeza rafu.

Matokeo ya kubadilishana nafasi yanapaswa pia kuamua betri mpya inawekwa wapi. Desturi ni kutoa iliyokufa na kuchomeka mpya kwenye pengo lake. Lakini kama mfungo haujarekebishwa, pengo hilo ni nafasi ya kwanza, na betri mpya ina ukinzani mdogo wa ndani kuliko wazee watatu walio nyuma yake. Imepewa njia fupi na mwili mwepesi kwa pamoja, itabeba zaidi hata ya zile ampea 41. Si ajabu ikifa mapema kuliko ile iliyotolewa. Ukilazimika kuchanganya mpya na za zamani, rekebisha mfungo kwanza, kisha pima kama tofauti iliyobaki inavumilika. Tofauti ya umri ikizidi mwaka hivi, mimi ningeona ni afadhali wazee watatu wauziwe mtu wa taa na televisheni na safu ianze upya.

Kwa anayeanza upya, betri nne hizohizo zinaweza kufungwa mfululizo kwa inveta ya volti 48. Hapo hakuna mgawanyo wa kuvurugika: mkondo mmoja unapita betri zote, na kwa wati zilezile 1,200 ni ampea 25 badala ya 100. Kinachobaki kulindwa ni volti, maana betri moja dhaifu ndani ya mfululizo huchajiwa kupita kiasi au pungufu bila chaja kujua, kwa hiyo kifaa cha kusawazisha kinahitajika. Inveta ya volti 12 haiwezi kubadilishwa kuwa ya 48, na hapo ndipo wengi wanapokwama na safu sambamba waliyonayo.

Wanaohamia lithiamu wakidhani wameukimbia mjadala huu watakutana nao tena, ukiwa mkali zaidi. Volti ya betri ya LiFePO4 karibu haisogei kuanzia ikiwa imejaa hadi ikikaribia kuisha, kwa hiyo ile nguvu ya kujisawazisha iliyoiokoa betri ya risasi inakuwa dhaifu sana, na mgawanyo usio sawa wa mwanzo unadumu mpaka betri iliyotangulia inaisha. Tena kila moja ina saketi ya ulinzi ndani, BMS, inayoikata betri mkondo ukipita kikomo chake. Betri ya kwanza kwenye safu mbaya inafika kikomo na kujikata, mzigo wake unawaangukia waliobaki ghafla, wa pili anajikata, na nyumba inazimika huku betri zikiwa na chaji tele. Mwenye nyumba huambiwa BMS ni mbovu. Kwa betri hizi baa za shaba na kebo zilizolingana si hiari tena, na kabla ya kuziunganisha mara ya kwanza kila moja ichajiwe peke yake mpaka ijae, fyuzi yake iwekwe kwenye kebo yake ya chanya, ndipo baa ifungwe.